Ofa moja, wateja wa aina mbili

Tuchukue kibanda cha juisi pale Sinza, Dar es Salaam, kinachouza ukwaju, embe na tikiti kwa shilingi 2,000 glasi. Hatua chache kutoka hapo kuna jimu inayotoza 5,000 kwa siku. Wenye biashara hizi wanakubaliana kushirikiana na kutangaza ofa ya pamoja Instagram. Picha inapigwa: glasi ya juisi imewekwa kando ya vyuma. Kazi inayobaki ni kepsheni.

Wengi huanza hivi: “Tunayo furaha kubwa kuwatangazia wateja wetu wapendwa kwamba tumeingia rasmi katika ushirikiano…” Tatizo ni kwamba mtu anayeperuzi simu huonyeshwa takribani herufi 125 za mwanzo tu, na zilizobaki hujificha mpaka aguse neno la kuendelea. Hapo ameshaona furaha ya wenye biashara, lakini bei hajaiona. Anapita.

Ugumu wa kepsheni ya namna hii ni kwamba wasomaji wake hawafanani. Mwanachama wa jimu anataka kujua juisi atainywa kwa bei gani. Mteja wa juisi, ambaye huenda hajawahi kugusa chuma, anajiuliza jimu inamhusu nini. Kila mmoja inabidi ajione mapema, kabla maandishi hayajakatika.

Kabla ya kuandika, hesabu. Wazo la kwanza la wawili hawa lilikuwa juisi nusu bei. Muuzaji akapiga hesabu ya matunda, sukari, barafu, glasi na kifuniko, akapata 1,100 kwa glasi. Akiuza kwa 1,000, kila mwanachama anayekuja anamtia hasara ya shilingi 100, na tangazo likifanya vizuri ndivyo hasara inavyokua. Wakashusha hadi 1,500, bei inayomwachia 400. Mwenye jimu naye alikuwa na saa zake za ukiwa: kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri mashine husimama bila mtu. Mgeni wa bure akiingia muda huo hamgharimu karibu chochote, ila akiingia saa 12 jioni atagombania benchi na mwanachama aliyelipia mwezi mzima.

Kepsheni ikatoka hivi:

“Ukitoka jimu, juisi ni 1,500 badala ya 2,000. Ukinunua juisi 5, siku moja ya jimu ni bure.

Mwanachama: onyesha kadi yako ya jimu kibandani siku hiyohiyo ya mazoezi. Glasi moja kwa siku.

Mteja wa juisi: gongewa muhuri kila glasi. Mihuri 5 ikitimia, ingia jimu kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Njoo na raba na taulo.

Ofa ni kuanzia 1 hadi 30 Juni. Swali? Andika hapa chini.”

Mstari wa kwanza una herufi chini ya 100, na pande zote mbili zimo. Masharti yanayoweza kuzua ugomvi mlangoni, yaani siku, saa na idadi ya glasi, yameandikwa wazi. Hakuna ahadi kwamba juisi “inachoma mafuta” wala “inatoa sumu”. Ahadi ya hivyo ingemweka pabaya hata mkufunzi wa jimu, kwa kuwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unaihesabu hata sukari asilia ya juisi ya matunda kati ya sukari za kupunguza.

Kuhusu kuituma, tangu 2021 Instagram inaruhusu posti moja ionekane kwenye kurasa mbili, huku maoni na “likes” zikihesabika pamoja. Mmoja anaposti na kumwalika mwenzake, na mwenzake lazima akubali mwaliko. Asipokubali, posti hubaki ukurasa mmoja, na nusu ya wateja hawaioni. Wakubaliane pia nani atajibu maswali, maana kila mmoja akimtegemea mwenzake, “mko wapi?” hukaa siku nzima bila jibu.

Wingi wa “likes” hausemi kama ofa imelipa. Muuzaji ahesabu glasi za 1,500 alizouza kila jioni. Mwenye jimu aandike wageni wa mihuri, kisha atazame ni wangapi wamerudi na 5,000 zao mkononi. Glasi zikiuzika na mihuri isirudi, huenda saa za mchana haziwafai wateja wa juisi, ambao wengi wako kazini. Dawa yake ni kuongeza Jumamosi asubuhi.

Ofa ikiisha, posti haifutiki yenyewe. Mtu ataikuta Agosti na kuja kudai bei ya Juni. Kepsheni huharirika, kwa hiyo tarehe 1 Julai mstari wa kwanza ubadilishwe uwe: “Ofa hii ilikwisha 30 Juni.”