Ku- Moja, Milango Miwili

Mpwa wangu aliniletea barua ya kuomba kazi ya udereva niipitie kabla hajaituma. Ilikuwa barua safi, lakini katikati yake nikakuta sentensi hii: "In 2021 I stopped to work in a garage." Nikamuuliza alitaka kusema nini.

"Kwamba niliacha kufanya kazi gereji, Mjomba, nikaenda kusomea udereva."

Msomaji anayejua Kiingereza vizuri angeelewa kinyume chake: kijana alikuwa akifanya jambo jingine, au yuko njiani, akasimama ili afanye kazi gereji. Kazi aliyoiacha imegeuka kazi aliyoianza. Alipaswa kuandika "I stopped working in a garage."

Kosa hilo limetoka ndani ya Kiswahili chake. Sisi tuna umbo moja, lile la ku-, na linafanya kazi mbili bila kuchoka. "Nataka kusoma" ni kitendo kinachosubiriwa. "Kusoma kwake kunanifurahisha" ni jina kamili, lina ngeli yake na linatawala upatanisho wa sentensi. Kiingereza kimezigawa kazi hizo kwa maumbo mawili: "to read", na "reading", ambalo wanasarufi huliita jerandi. Mtoto wa Kiswahili anafika na ufunguo mmoja mbele ya milango miwili, naye kwa kawaida huuingiza kwenye mlango wa "to", kwa sababu ndio aliofundishwa mwanzo: kusoma ni "to read", kula ni "to eat".

Inasaidia kujua maumbo haya yalikotoka. "To" ya kitenzi ni ndugu wa "to" ile ya "go to the market". Zamani ilikuwa neno la kuonyesha uelekeo, na uelekeo huo haujafutika: anayesema "to" mara nyingi anatazama kitendo kilicho mbele yake, ambacho bado hajakifikia. Nayo "-ing" ya jerandi ilianza kama kiambishi cha kuundia majina kutokana na vitenzi. Kwa hiyo hukitaja kitendo kama kitu kilichopo, kinachoweza kuachwa, kukumbukwa au kufurahiwa.

Turudi kwenye "stop". Kinachoachwa lazima kiwe kipo, ndiyo maana hupewa "-ing". "To" inayofuata "stop" ina kazi nyingine kabisa: inaeleza kusudi la kusimama, kama "ili" yetu. Sentensi moja inaweza kuzibeba zote mbili bila kugongana: "Halima stopped talking to drink water." Halima aliacha kuzungumza ili anywe maji. Jaribio la kutumia ni hilo hilo: tia "ili" katika sentensi yako ya Kiswahili. Ikikubali, andika "to". Mpwa wangu alipojaribu "niliacha ili nifanye kazi gereji", alicheka na kuchukua kalamu mwenyewe.

"Remember" inataka uangalifu zaidi, kwa sababu hapo kosa linaweza kumtia mtu matatani. Chukua mlinzi wa ghala anayeandika maelezo baada ya wizi. Akiandika "I remember locking the door", anasema kwamba mlango alishaufunga, na sasa picha ya tendo hilo iko kichwani mwake. Kufunga kulitangulia, kukumbuka kumefuata. Akiandika "I remembered to lock the door", mpangilio unageuka: kwanza alikumbuka wajibu wake, ndipo akafunga. Katika sentensi zote mbili mlango umefungwa, kwa hiyo bado yuko salama.

Sasa kanusha. "I don't remember locking the door" maana yake hana kumbukumbu ya kufunga. Huenda alifunga, huenda hakufunga. "I didn't remember to lock the door" ni kukiri kwamba alisahau, na ghala lililala wazi. Mlinzi aliyekusudia la kwanza akaandika la pili amejihukumu kwa kalamu yake.

Kiswahili kinazitenganisha maana hizi vizuri sana, ila kwa njia yake: "sikumbuki kama nilifunga" dhidi ya "sikukumbuka kufunga". Pale tunapotumia kitenzi kamili chenye mtendaji na wakati, kama "nilifunga", Kiingereza kinachukua "-ing". Pale tunapotumia ku-, kinachukua "to". Tazama lakini: kwenye "stop" mambo yalikuwa kinyume, maana "niliacha kufanya" yenye ku- ndiyo iliyopata "-ing". Ndiyo sababu kutafsiri ku- peke yake hakumfikishi mtu popote. Uliza kwanza kama kitendo kimeshakuwapo au bado kinangojwa. "Forget" hufuata njia hiyo hiyo: "I'll never forget seeing the sea" ni ya aliyekwisha kuiona bahari.

"Try" nayo nimeielewa vizuri zaidi kwa kufikiria fundi wa simu. Mteja analeta simu isiyowaka na kusema, "I tried to remove the battery." Fundi anaelewa kwamba betri imekataa kutoka, au angalau kuitoa kulikuwa kugumu, hivyo anatafuta bisibisi. Mteja akisema "I tried removing the battery", betri ilitoka bila shida; aliitoa aone kama itasaidia, na haikusaidia. Hapo fundi anaachana na betri na kutafuta ubovu kwingine. Kwa Kiswahili wote wawili wangesema "nilijaribu kutoa betri", kisha mmoja akaongeza "ikagoma" na mwingine "lakini wapi". Nikiri kwamba katika mazungumzo wenye lugha hulegeza kidogo hapa na kutumia "to" kwa maana zote mbili. Lakini "-ing" kwa kawaida hawaitumii kwa jambo lililoshindikana kufanyika.

"Enjoy" haina mlango wa pili. "I enjoy reading" ndiyo sahihi, na "I enjoy to read" ni kosa tu, halina maana nyingine ya kujificha nyuma yake. Mantiki ya jerandi inaonekana: hufurahii kitendo ambacho hakipo. "Finish" na "keep" zinaingia humo vizuri. Ila mantiki hiyo isibebeshwe kila kitu. "Suggest" na "avoid" hutazama mambo ambayo hayajatendeka, nazo huchukua "-ing". "Manage" ni ya aliyekwisha kufaulu, nayo hudai "to". Vitenzi vya aina hii huwekwa akilini kimoja kimoja, pamoja na sentensi yake.

Barua ya mpwa wangu ilikuwa na kosa moja zaidi, mstari wa mwisho kabisa: "I look forward to hear from you." Hapa "to" ndiyo iliyomdanganya, kwa kuwa si ya kitenzi, ni ile ya "go to the market", inayotangulia jina. Nilimwambia aweke jina mahali pa kitenzi. Akaandika "I look forward to your reply", ikakaa sawa. Nikamwambia afanye hivyo hivyo baada ya "I want to". Akajaribu "I want to tea", akaona haisimami. Basi mahali panapokubali jina, kitenzi nacho lazima kivae vazi la jina. Akaikata "hear", juu yake akaandika "hearing", akakunja karatasi na kuitia kwenye bahasha.