Mishahara Miwili, Kodi ya Nani?

Mwaka 1930 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi mbili za waume waliotaka kugawana mapato yao na wake zao mbele ya mtoza kodi. Wa kwanza, wakili Guy Earl, alikuwa amewekeana mkataba na mkewe tangu 1901 kwamba chochote atakachopata mmoja wao ni mali ya wote wawili. Akashindwa: mahakama ilisema kodi ya mshahara hulipwa na aliyeufanyia kazi, hata kama ameahidi kumpa mwingine nusu yake. Wa pili, Seaborn wa jimbo la Washington, alishinda. Kwao sheria ya jimbo yenyewe ilisema mapato ya mume ni ya mke nusu kwa nusu tangu yanapoingia, kwa hiyo kila mmoja aliruhusiwa kutangaza nusu yake.

Kugawa mapato kulikuwa na faida gani? Kodi ya mapato hupanda kwa ngazi. Fedha za mwanzo hazitozwi au hutozwa kidogo, na kadiri mtu anavyopata zaidi ndivyo kila dola ya juu inavyokatwa sehemu kubwa zaidi. Mapato makubwa yakigawanywa kwa watu wawili, kila nusu hubaki kwenye ngazi za chini. Basi wanandoa wa Washington wakawa wanalipa kodi ndogo kuliko wenzao wa majimbo mengine wenye mapato yale yale. Majimbo kama Oklahoma, Oregon na Michigan yakaanza kubadili sheria zao za mali ya ndoa ili wakazi wao nao wapate nafuu hiyo. Mwaka 1948 Bunge la Marekani likaamua kuwapa wanandoa wote wa nchi haki ya kujumlisha mapato yao na kutozwa kana kwamba kila mmoja amepata nusu.

Hoja ya haki iliyo nyuma ya uamuzi huo ni nzito, na inaonekana vizuri kwa hesabu. Chukua viwango vya Marekani vya 2024, kodi ya serikali kuu peke yake. Katika nyumba ya kwanza mume anapata dola 120,000 kwa mwaka na mke hana kipato. Katika nyumba ya pili mume na mke wanapata dola 60,000 kila mmoja. Kila mtu akitozwa peke yake, nyumba ya kwanza italipa takriban dola 18,340 na ya pili 10,432. Chakula, kodi ya nyumba na karo ya watoto vinatoka kwenye kapu la dola 120,000 kote kuwili, lakini nyumba moja inalipa karibu dola 7,900 zaidi kwa sababu tu aliyeleta fedha ni mmoja. Mapato yakijumlishwa, zote mbili zinalipa dola 10,432. Wanaotetea kodi ya pamoja wanasema familia ndiyo inayotumia fedha, basi familia ndiyo itozwe, na familia zenye mapato sawa zilipe sawa.

Sasa mke wa nyumba ya kwanza apate kazi ya dola 30,000. Angekuwa hajaolewa, angelipa kodi ya dola 1,616. Lakini mapato yake yanawekwa juu ya yale ya mumewe, na zile ngazi za chini zimekwisha kujazwa. Kodi ya nyumba inapanda hadi dola 16,682, yaani imeongezeka kwa dola 6,250. Akitoa na gharama ya anayemlelea mtoto na nauli, anaanza kujiuliza kama kazi ile inafaa kuendelea nayo. Sheria haimtaji mke popote, na hesabu ingekuwa ile ile kama yeye ndiye angepata kingi na mume kidogo. Lakini kwa kuwa katika nyumba nyingi mwenye kipato kidogo ni mwanamke, mzigo unamwangukia yeye. Hii ndiyo hoja kuu ya wanaotaka kila mtu atozwe peke yake, na ndiyo iliyoisukuma Uswidi kuachana na kodi ya pamoja mwaka 1971.

Kuna jambo jingine ambalo zile nyumba mbili za mfano zinalificha. Je, kweli ziko sawa? Katika ya kwanza mtu mmoja yuko nyumbani akipika, akifua na kulea, na kazi hiyo haitozwi kodi hata senti. Nyumba ya pili inanunua sehemu ya huduma hizo kwa fedha iliyokwisha kukatwa kodi. Tena si kila mume anamgawia mkewe nusu ya mshahara, ingawa sheria inahesabu kana kwamba amemgawia.

Waliolalamika kwanza, hata hivyo, walikuwa watu wasio na ndoa. Kufikia miaka ya 1960 mseja aliweza kulipa kodi hata asilimia 40 zaidi ya wanandoa wenye mapato kama yake. Sheria ya 1969 ilipunguza pengo hilo hadi asilimia 20 kwa kuwapa waseja viwango vipya, vilivyoanza kutumika 1971. Nafuu hiyo ikazaa malalamiko mapya: watu wawili wenye mishahara inayokaribiana sasa walilipa zaidi wakioana kuliko wakibaki waseja. Mume na mke mmoja wa Maryland, wote watumishi wa serikali, walipeana talaka Haiti mwishoni mwa 1975 na kuoana tena Januari. Mwaka uliofuata wakafanya hivyo hivyo katika Jamhuri ya Dominika, kwa sababu kinachoangaliwa ni hali ya ndoa siku ya mwisho ya mwaka. Mwaka 1980 mahakama ya kodi ilikataa kuzitambua talaka hizo.

Bunge halikuzembea. Mambo matatu hayawezi kukaa pamoja: kodi inayopanda kwa ngazi, familia zenye mapato sawa kulipa sawa, na ndoa isiyopandisha wala kushusha kodi ya mtu. Ukishika mawili, la tatu linakuponyoka. Marekani ya leo imeegemea lile la pili.

Kenya nayo ilijumlisha mapato, lakini kwa namna nyingine. Sheria yake ya Kodi ya Mapato ya 1973 ilihesabu mapato ya mke anayeishi na mumewe kuwa mapato ya mume. Wazo hilo lilikuwa la Waingereza, na wenyewe waliliacha Aprili 1990, ambapo kila mwanandoa alianza kutozwa kivyake. Huko mapato yalijumlishwa bila kugawanywa, na mke hakuonekana kama mlipa kodi kamili.

Mimi naegemea upande wa kumtoza kila mtu peke yake. Nafuu ya kugawa mapato huwafikia zaidi wenye nacho: nyumba ya mshahara mmoja wa dola 120,000 inaokoa karibu dola 7,900 kwa ndoa, na ile ya dola 25,000 inaokoa 1,040 tu. Kama nia ni kuzisaidia familia zinazolea, fedha hiyo ipelekwe moja kwa moja kwa watoto, awe mzazi ameoa, ameolewa au yuko peke yake. Nakiri kwamba familia ya mshahara mmoja itaumia, hasa pale mzazi anapobaki nyumbani kumuuguza mtoto mwenye ulemavu, na hiyo inastahili nafuu yake mahususi.

Kwa msomaji anayeishi Marekani na ambaye mwenzi wake yuko Mombasa au Dar es Salaam, jambo hili si la nadharia. Mwenzi asiye mkazi wa Marekani hajumlishwi mpaka wote wawili wachague kwa maandishi ahesabiwe kuwa mkazi, na ni lazima apate namba ya mlipa kodi, inayoombwa kwa fomu W-7. Wakichagua hivyo, watapata viwango vya pamoja. Lakini mapato ya mwenzi huyo popote duniani, yakiwemo ya duka au nyumba ya kupangisha huku nyumbani, yataingia katika hesabu ya Marekani. Mwenzi asiye na kipato kwa kawaida huleta nafuu. Mwenye biashara inayoingiza vizuri anaweza kuongeza kodi, kwa hiyo fanyeni hesabu zote mbili kabla ya kutia saini.