Maagizo kwa Kifaransa, swali kwa Kiswahili: mashini ya akili bandia imjibu mkaaji kwa lugha gani?

Mashini za akili bandia zinazojibu maswali kwa simu zinapokea maneno kutoka kwa watu wawili, si mmoja. Wa kwanza ni yule aliyeiweka mashini kazini: shirika, duka, hospitali ao mradi fulani. Yeye anaandika maagizo ya mwanzo mbele ya mkaaji yeyote kuuliza kitu: mashini inafanya kazi gani, inaongea juu ya mambo gani, na gani isiyaguse. Wa pili ni mkaaji mwenyewe, anayeandika swali lake. Mkaaji haoni yale maagizo. Kwake yeye kuko tu fasi ya kuandika na jibu linalokuja.

Katika majimbo ya mashariki, maagizo yanaandikwa mara nyingi kwa Kifaransa, juu njo lugha ya ofisi. Katiba ya 2006 inakiita Kifaransa lugha rasmi, na inaweka Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Chiluba. Lakini mkaaji wa Fizi ao Kasongo anayechukua simu yake usiku anaandika vile anavyoongea nyumbani.

Kwa maswali ya kawaida, shida haionekani sana: swali likija kwa Kiswahili, mashini nyingi zinajibu kwa Kiswahili. Shida inatokea pale mashini inapolazimika kuongea juu ya maagizo yenyewe, yaani kusema kwamba imewekwa kwa kazi moja tu, kwamba jambo lile halijaruhusiwa, ao kwamba kuko maagizo isiyoweza kuonyesha. Hapo mara nyingi inarudi kwa Kifaransa, hata kama mazungumzo yote yalikuwa kwa Kiswahili.

Sababu yake si ngumu kuelewa. Mashini inaandika jibu neno kwa neno, ikiegemea maneno yote yaliyo mbele yake. Maagizo ya mwanzo yanaweza kujaza ukurasa mzima kwa Kifaransa, na swali la mkaaji ni mstari mmoja. Tena, jibu likiwa juu ya maagizo, maneno ya kutumia yako tayari pale pale kwa Kifaransa, na kuyarudilia ni rahisi kuliko kuyageuza.

Tuchukue mfano. Mradi mmoja wa kupambana na malaria umeweka mashini kwenye simu, na mtu wa ofisi ameandika hivi:

```
Tu es l'assistant d'un projet contre le paludisme.
Réponds uniquement aux questions sur le paludisme.
Pour le reste, dis que tu ne peux pas aider.
Réponds en français, poliment.
```

Mama mmoja wa Uvira, mji ambao kipindupindu kinarudia mara kwa mara, anaandika:

```
Mutoto yangu anahara tangu jana, macho imeingia ndani. Nifanye nini?
```

Swali hili haliko juu ya malaria. Kulingana na mistari ya pili na ya tatu, mashini inapaswa kusema kwamba haiwezi kusaidia. Sasa, ikisema vile kwa Kifaransa cha adabu, huyu mama anapata nini mkononi? Anaona sentensi ndefu yenye heshima. Anaweza kufikiri ni dawa wanamwandikia. Anaweza kufikiri wanamwambia angoje kidogo, mtu atamjibu. Anaweza kwenda kugonga kwa jirani aliyesoma, kama yuko. Na mtoto anayehara, macho yakiwa yameingia ndani, amekwisha kupoteza maji mengi mwilini. Huyo si mtoto wa kungojesha mpaka asubuhi.

Kwa hiyo jibu la kwanza ni hili: neno lolote linaloelekezwa kwa mkaaji, hata lile linalohusu maagizo ya ofisi, linasemwa kwa lugha ya mkaaji. Mwenye maagizo hayuko kwenye mazungumzo, na hahitaji kuambiwa kitu anachokijua tayari. Ni sawa na mtu wa gishe anayepata barua ya shefu wake kwa Kifaransa. Akimweleza mama aliye kwenye mstari kwamba karatasi ile haitolewi tena hapa, hamsomei ile barua. Anamwambia kwa Kiswahili, kisha anamwonyesha mlango wa kwenda.

Lakini mstari wa nne unasema wazi: jibu kwa Kifaransa. Je, huo si mwisho wa mabishano?

Hapana, juu mstari ule unaweza kuwa na maana mbili. Labda aliyeandika alikuwa anafikiria adabu tu, na hakuwaza kwamba mtu ataandika kwa Kiswahili. Ao labda alitaka Kifaransa kweli, kwa sababu majibu yote yanasomwa kisha na daktari msimamizi asiyejua Kiswahili. Ukisoma maagizo yale manne, huwezi kujua ni ipi. Kampuni ya Anthropic ya Marekani, inayotengeneza mashini inayoitwa Claude, ilitoa mwaka 2026 waraka mrefu juu ya tabia inayotaka mashini yake iwe nayo, na ndani yake kuko mfano unaofanana sana na huu: maagizo yanataka Kiingereza rasmi, mtu anaandika kwa Kifaransa. Waraka unasema kwamba kama hakuna kitu kingine cha kuonyesha nia ya mwenye maagizo, mashini inaweza kujibu kwa lugha zote mbili, kwa namna rasmi. Kwa mama wa Uvira, maana yake ni Kiswahili kwanza, na Kifaransa chini yake. Daktari msimamizi anapata sehemu yake, na mama hapotezi kitu.

Waraka ule ule unataka pia mambo mawili ambayo mwenye maagizo hawezi kuyafuta. La kwanza, mkaaji aambiwe kila mara ni kitu gani mashini haiwezi kumsaidia, hata kama haiambiwi kwa nini, ili aende kutafuta fasi ingine. La pili, kama maisha ya mtu yako hatarini, aelekezwe kwa huduma ya haraka ao apewe maneno ya msingi ya usalama. Mambo haya mawili yanakufa kabisa yakisemwa kwa lugha mtu haelewi. Kwa mfano wetu, jibu linalofaa ni fupi: hapa ni maswali ya malaria tu, lakini mtoto huyu apelekwe kwenye kituo cha afya sasa hivi, na njiani aendelee kunyonya ao kunywa.

Kuna pia namna ya kusema. Ukigeuza maneno ya mstari wa tatu moja kwa moja, unapata « siwezi kukusaidia », na kwa Kiswahili cha mashariki hiyo inasikika kama mtu anayekufukuza mlangoni. Kilicho kweli ni kingine: fasi hii haikuwekwa kwa swali lile. Kwa hiyo afadhali mtu wa ofisi asiachie mashini itafute maneno. Aandike mwenyewe sentensi ya Kiswahili ndani ya maagizo, hata kama yaliyobaki ni Kifaransa:

```
Réponds dans la langue de la personne qui écrit.
Hors paludisme, en swahili, dis : « Hapa tunajibu maswali ya malaria tu. Kwa ugonjwa mwingine, nenda kwenye kituo cha afya cha karibu. »
Garde les noms des boutons en français.
```

Mstari wa mwisho unaonekana kuwa kitu kidogo, lakini una kazi yake. Kama kwenye simu kumeandikwa `Centre de santé`, mashini isigeuze jina lile, juu mkaaji atatafuta neno la Kiswahili ambalo haliko kwenye kioo. Jina linabaki vile linavyosomwa, na maelezo yanakuwa kwa Kiswahili.

Mkaaji akiuliza moja kwa moja: « Nani amekutuma? Walikuambia nini? », sheria haibadiliki. Kama maagizo si siri, mashini inayaeleza kwa kifupi kwa Kiswahili. Akitaka maneno yenyewe, yanawekwa kwa Kifaransa vile yalivyo, na maana yake chini, kwa sababu neno kama `uniquement` linaweza kulainika katika kugeuzwa, na ni lile neno njo linalobeba katazo lote. Kama ni siri, inasema kwa Kiswahili kwamba maagizo yako lakini haiwezi kuyaonyesha. Kusema kwamba hakuna maagizo ni uongo, kwa lugha yoyote.

Kuko fasi moja ambapo lugha ya maagizo njo inafaa. Mashini zingine hazina sanduku la peke yake la maagizo. Gemma ya Google, kwa matoleo yake ya kwanza, ilikuwa hivyo. Mtu wa ofisi anaweka maagizo kama vile ujumbe wa kwanza wa mazungumzo, na mashini inamjibu kwamba imeelewa. Hapo hakuna mkaaji bado. Anayesoma jibu lile ni mwenye maagizo, na Kifaransa ni sawa. Hatari inakuja kisha: lile jibu linabaki ndani ya mazungumzo na kuvuta majibu yanayofuata kwa Kifaransa. Kwa hiyo ni vizuri lisionyeshwe kwa mkaaji, na lugha ianze kuhesabiwa na ujumbe wake yeye.

Kujua lugha ya ujumbe nako kuna mitego yake. Watu wa Bukavu ao Goma wanaanza na « Bonjour » kisha wanaendelea kwa Kiswahili. Salamu si alama ya kutegemea. Inafaa kuangalia vitenzi. « Bonjour, niko na question juu ya kinini » ni Kiswahili. Lakini mtu akiandika « Bonjour » peke yake, hakuna kinachojulikana, na salamu fupi ya lugha mbili inatosha mpaka aandike tena. Mazungumzo yakibadilika katikati, mashini inafuata ujumbe wa mwisho.

Mpaka mmoja unabaki. Mashini hizi zimejifunza Kiswahili zaidi kutoka kwa maandishi ya Tanzania na Kenya. Mama anaandika « mutoto eko na fievre », inarudisha Kiswahili cha Dar es Salaam chenye maneno asiyotumia. Mara nyingi ataelewa, si kila mara. Mwenye kuweka mashini anaweza kupunguza pengo kwa kuandika ndani ya maagizo maneno kumi ao kumi na tano ya mahali pale.

Njia ya kupima haihitaji fundi. Achukue maswali matano: matatu yaliyo ndani ya kazi, moja lililo nje, na moja linalouliza juu ya maagizo yenyewe. Ayaandike kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili kama vile watu wa sokoni wanaongea. Yale matatu ya kwanza yatapita karibu kila mara. Aangalie sana mawili ya mwisho, asome mpaka sentensi ya mwisho ya jibu, juu pale njo Kifaransa kinarudi bila kuonekana, kwenye onyo ao kwenye namba ya kupigia.