Penseli Ibaki kwa Mwenye Swali

Mwalimu wa hisabati akisema "saidianeni", mara nyingi anayejua husogeza daftari na asiyejua hunakili. Dakika chache baadaye wote wawili wana jibu sahihi, mwalimu anatia vema kwenye madaftari yote mawili, na yule aliyenakili anarudi nyumbani akijua kilekile alichokijua asubuhi. Kwa sababu hiyo walimu wengi wameacha kabisa kazi za vikundi. Wanaona ni kuangalizia kulikopewa ruhusa.

Tatizo hilo limechunguzwa kwa miaka mingi. Noreen Webb, mtafiti wa elimu wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alikusanya matokeo ya tafiti kadhaa za vikundi vidogo vya hisabati na kuyachapisha mwaka 1991. Picha iliyojitokeza ilikuwa wazi. Wanafunzi waliotoa maelezo ya kina kwa wenzao ndio waliofanya vizuri. Waliopewa jibu tupu walielekea kufanya vibaya. Miaka minne baadaye yeye na wenzake walionyesha jambo jingine: hata maelezo mazuri hayamfai anayeyapokea asipoyatumia palepale, kwa mkono wake, kwenye swali lililo mbele yake.

Kwa hiyo msaada una sehemu mbili. Anayejua aeleze sababu, na asiyejua atende. Ukiwaachia watoto wajipangie wenyewe, sehemu zote mbili hupotea, kwa kuwa kutoa jibu ni haraka kuliko kueleza, na kupokea jibu ni rahisi kuliko kufikiri. Inahitajika taratibu ambayo inafanya kutoa jibu kuwe kugumu kuliko kueleza.

Taratibu yenyewe

Tuchukue darasa la tano katika shule ya msingi, kipindi cha dakika 40, mada ikiwa kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Mwalimu ameshafundisha mada. Sasa anaandika ubaoni swali moja: 2/3 + 1/4.

Kwanza, kila mtu anafanya peke yake kwa dakika 5, kimya. Hatua hii watu wengi huiruka, na hapo ndipo mambo huharibika. Mwanafunzi ambaye hajajaribu hana swali la kuuliza, anaweza tu kuomba jibu. Aliyejaribu akakwama anajua alipokwama. Ndiyo maana mwalimu anasisitiza kwamba kila daftari liwe na kitu kilichoandikwa, hata kama kimekosewa, na kwamba hakuna kufuta.

Pili, wawili wanageukiana, na anayeanza kusema ni yule asiye na uhakika. Haruhusiwi kusema "sijui". Anatakiwa kutaja mahali: "Nimefika hapa, kuanzia hapa sielewi," au "Nimefanya hivi kwa sababu hii." Mwenzake anasikiliza mpaka mwisho kabla ya kusema lolote.

Tatu, mwelezaji anafungua kinywa, na hapa zipo kanuni nne tu. Penseli inabaki mkononi mwa mwenye swali. Mwelezaji hagusi daftari la mwenzake. Akitaka kuonyesha njia, anatumia mfano wenye namba nyingine, kamwe si swali lililo ubaoni. Tena hasemi "umeelewa?". Mtoto akiulizwa hivyo atajibu "ndiyo", ama kwa aibu ama kwa kutaka yaishe. Badala yake mwelezaji anasema "nionyeshe" au "niambie kwa nini".

Nne, mwenye swali anamaliza kazi yake, kisha anamweleza mwelezaji njia nzima kwa maneno yake mwenyewe. Tano, mwalimu anaandika swali jipya, tuseme 1/2 + 2/5, na kila mmoja analifanya peke yake. Swali hilo ndilo linaloonyesha kama msaada umefika.

Jinsi maelezo yanavyokwenda

Mwanafunzi mmoja ameandika 2/3 + 1/4 = 3/7. Kosa hili kila mwalimu analifahamu: amejumlisha za juu kwa za juu na za chini kwa za chini. Mwenzake amepata jibu sahihi. Bila taratibu angesema, "Umekosea, ni 11/12," na mazungumzo yangeishia hapo. Sasa anatakiwa kuuliza.

"Hiyo 2/3 uliyoanza nayo ni zaidi ya nusu au chini ya nusu?"

"Zaidi."

"Na hiyo 3/7 uliyopata?"

Mwenye swali anafikiri. Nusu ya 7 ni 3 na nusu, kwa hiyo 3/7 haijafika nusu.

"Ulikuwa na zaidi ya nusu, ukaongeza kitu, ukapata chini ya nusu. Inawezekana?"

Swali hilo halijatoa jibu wala njia, lakini limemfanya mwenye kosa alione kosa lake mwenyewe. Sasa yuko tayari kusikiliza. Mwelezaji anachukua daftari lake, lenye miraba, na kutumia namba nyingine: 1/2 + 1/3. Anachora mistatili miwili iliyo sawa, kila mmoja una miraba 2 upande mmoja na 3 upande wa pili, yaani miraba 6. Anauliza nusu ya mstatili wa kwanza ni miraba mingapi. Ni 3. Theluthi ya mstatili wa pili ni mingapi? Ni 2. Jumla ni miraba 5, na mstatili mzima una 6, hivyo ni 5/6.

"Kwa nini nimechora miraba 6, nisichore 5?"

Hilo ndilo swali lenye uzito kuliko yote, kwa sababu ndilo linalobeba maana ya asili ya pamoja. Mraba wenye ukubwa mmoja lazima uweze kupima nusu na pia theluthi, na 6 inagawanyika kwa 2 na kwa 3. Mwanafunzi aliyekariri "tafuta KDS" bila kuona hivyo atasahau wiki ijayo, au atatafuta KDS hata pale anapozidisha sehemu, mahali ambapo haihitajiki.

Baada ya hapo mwelezaji ananyamaza. Mwenye swali anarudi kwenye swali lake, anachora mistatili ya 3 kwa 4, anapata miraba 12, anahesabu 8 kwa ajili ya 2/3 na 3 kwa ajili ya 1/4, na kuandika 11/12. Penseli ilikuwa yake tangu mwanzo hadi mwisho. Likija 1/2 + 2/5, anachora 2 kwa 5, anapata 5 na 4 kati ya 10, anaandika 9/10. Akifika hapo peke yake, mwalimu ana haki ya kutia vema.

Nani akae na nani

Kumweka wa kwanza darasani na wa mwisho kunaonekana ni huruma, lakini umbali kati yao huwa mkubwa mno. Mmoja haelewi mwenzake haelewi nini, na mwingine hathubutu kuuliza. Mpango wa kusaidiana kwa jozi uitwao PALS, uliobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt huko Marekani, una njia nyepesi zaidi. Panga majina kwa alama za jaribio la karibuni, ligawe darasa nusu kwa nusu, kisha unganisha wa kwanza wa nusu ya juu na wa kwanza wa nusu ya chini. Darasa likiwa na wanafunzi 40, wa 1 anakaa na wa 21, wa 2 na wa 22, hadi wa 20 na wa 40. Hapo hakuna jozi yenye pengo la kutisha. Orodha hiyo abaki nayo mwalimu, na jozi zibadilishwe kila baada ya wiki chache, ili asiwepo mtoto anayejulikana kuwa "wa kusaidiwa" mwaka mzima. Ni vizuri pia zamu zibadilishane: swali la pili, yule aliyesaidiwa anaanza kueleza.

Madawati mengi yetu hukaliwa na watoto watatu. Wa tatu apewe kazi ya kusikiliza na kusimamisha mara jibu linapotajwa. Watoto wanaipenda sana kazi hiyo, na hawana mchezo nayo.

Dalili kwamba jibu linavuja

Mwalimu anayezunguka kati ya madawati haraka atajua pa kusimama. Madaftari mawili yanayofanana mstari kwa mstari, hata kwenye makosa, ni dalili ya kwanza. Mwandiko wa mwelezaji ndani ya daftari la mwenzake ni ya pili. Ya tatu inahitaji sikio: mwelezaji akisikika akisema "zidisha hii, halafu hii, halafu andika hapa", anatoa amri wala haelezi. Mara nyingi mtoto huyo hana hila. Anajua namna ya kufanya lakini hajui kwa nini, na amri ndizo pekee alizo nazo. Mwalimu amwulize palepale, "kwa nini umezidisha?" Akikosa jibu, basi mwenye kusaidia naye anahitaji kusaidiwa, jambo ambalo alama zake 100 zilikuwa zimelificha.

Kinga kubwa iko mwishoni mwa kipindi. Mwalimu anapoita mtu aje ubaoni kueleza, amwite yule aliyesaidiwa. Watoto wakishajua kwamba ndivyo ilivyo kila mara, mwelezaji anaona mwenyewe kuwa kumpa mwenzake jibu tupu ni kumtuma ubaoni mikono mitupu.

Wapo wazazi wanaolalamika kwamba mtoto wao mwenye akili anapotezewa muda kufundisha wengine. Wana haki ya kuuliza, na jibu limo kwenye matokeo yaleyale ya Webb: aliyefaidika zaidi na kwa uhakika zaidi ni mtoa maelezo. Faida hiyo haipo akitoa majibu tupu, kwa hiyo taratibu hii inamlinda yeye kama inavyomlinda mwenzake.

Ina mipaka yake. Mtoto asiyejua 3 mara 4 hatasaidiwa na maelezo ya asili ya pamoja. Anahitaji jedwali la kuzidisha na mazoezi yake mwenyewe. Jozi ambayo wote wawili wamekwama iruhusiwe kuuliza jozi ya jirani, kisha mwalimu. Na kama swali la mwisho limewashinda nusu ya darasa, hakuna mwelezaji anayepaswa kulaumiwa: mada haijaeleweka, na kipindi kinachofuata mwalimu airudie mwenyewe ubaoni kabla ya kuwaambia tena wageukiane.