Namba Iliyojificha Ndani ya Bei

Mtu anayeuza na kununua opsheni za hisa huko Marekani hushinda mbele ya kioo kilichojaa safu za namba, na nyingi kati yake hazina fumbo. Kuna bei ya hisa, kuna siku zilizobaki kabla mkataba haujaisha, kuna bei anayotoa mnunuzi na bei anayotaka muuzaji. Pembeni huwa na safu moja ya asilimia, tuseme 23.7. Namba hiyo hakuna aliyeitaja sokoni. Hakuna mnunuzi aliyesema "nipe kwa 23.7." Kompyuta imeichimbua kutoka kwenye bei, na njia iliyotumia ni kukisia, kukosea na kukisia tena.

Tuanze na bidhaa yenyewe. Opsheni ya kununua ni mkataba unaokupa haki ya kununua hisa kwa bei mliyokubaliana leo, hadi siku fulani, bila kukulazimisha kununua. Tuchukue hisa inayouzwa dola 100. Opsheni yake inakuruhusu kuinunua kwa dola 105 ndani ya miezi mitatu. Hisa ikipanda hadi 115, umefaidi dola 10 ukitoa ulicholipia mkataba. Ikibaki 100 au ikaanguka, unauacha mkataba ufe, na hasara yako inaishia kwenye kile ulicholipa mwanzoni.

Basi haki hiyo ina thamani gani? Kwa hisa iliyolala, isiyopanda wala kushuka, haina thamani kubwa, maana haitafika 105 kamwe. Kwa hisa inayoruka kama maharage kwenye kikaango, ina thamani, kwa sababu ikiruka juu unafaidi na ikiruka chini hupotezi zaidi. Kwa hiyo kinachonunuliwa hapa ni kuyumba. Ni kama bima ya gari: ada unayotozwa inakueleza kampuni inavyoiona hatari ya gari lako, hata kama karani hakusema neno.

Mwaka 1973 Fischer Black na Myron Scholes walichapisha kanuni ya kukadiria bei ya opsheni, na mwaka huohuo Robert Merton akaipanua. Mwezi Aprili mwaka huo soko la opsheni la Chicago, CBOE, lilikuwa limefungua milango likiwa na opsheni za kununua za hisa 16 tu. Kanuni inataka vitu vitano: bei ya hisa, bei ya makubaliano, muda uliobaki, kiwango cha riba, na kiasi cha kuyumba kwa hisa kwa mwaka, ambacho wenyewe hukiandika kwa herufi ya Kigiriki sigma. Vinne vya kwanza unavisoma tu. Cha tano hakuna anayekijua, kwa sababu kinahusu miezi ambayo haijaja.

Hapo ndipo wafanyabiashara walipoigeuza kanuni kichwa chini. Ikiwa bei ya opsheni tayari iko sokoni, swali linakuwa: ni sigma ipi ukiitia kwenye kanuni itatoa bei hii hii? Mwaka 1976 Henry Latané na Richard Rendleman walichapisha utafiti uliojengwa juu ya swali hilo. Jibu lake ndiyo ile asilimia ya pembeni ya kioo: kuyumba ambako soko linakutegemea, kama kunavyosomeka kwenye bei.

Mtu aliyesoma aljebra ya sekondari atadhani ni suala la kuhamisha herufi kutoka upande mmoja wa mlinganyo hadi mwingine. Haiwezekani. Sigma imekaa sehemu mbili ndani ya kanuni, na kote imefunikwa na mkunjo wa kengele wa takwimu, ule usiofunguka kwa kujumlisha na kuzidisha. Huwezi kuitenga. Unachoweza ni kuijaribu.

Bahati nzuri iko moja, nayo ni kubwa. Ukiongeza sigma, bei ya opsheni hupanda, haishuki hata mara moja. Kwa hiyo kama jibu lipo, ni moja tu, na ukikosea unajua papo hapo umekosea upande gani.

Turudi kwenye opsheni yetu. Hisa ni dola 100 na haitoi gawio, makubaliano ni 105, muda ni robo mwaka, riba ni asilimia 4. Mnunuzi anatoa 3.00, muuzaji anataka 3.20. Desturi ni kuchukua katikati, yaani 3.10.

Njia ya kwanza ni ya muuza duka mwenye mizani ya mawe, anayetia jiwe, likizidi anatoa na kutia dogo zaidi. Tuseme tuna hakika jibu liko kati ya asilimia 10 na 50. Jaribu katikati, 30: kanuni inatoa dola 4.32, ghali mno. Basi jibu liko kati ya 10 na 30. Jaribu 20: inatoa 2.39, rahisi mno. Jaribu 25: 3.35, imezidi. Jaribu 22.5: 2.87, imepungua. Jaribu 23.75: 3.11, imezidi kidogo. Majaribio matano yameshalibana jibu kati ya 22.5 na 23.75. Kila jaribio linakata eneo nusu, na yakifika 12 eneo lililobaki ni dogo kuliko sehemu ya mia ya asilimia moja. Njia hii ni ya mwendo wa kobe, lakini haipotei njia.

Njia ya pili ina jina la Isaac Newton, pamoja na Joseph Raphson aliyeichapisha mwaka 1690. Hii haiulizi tu "imezidi au imepungua?" Inauliza pia imepungua kwa kiasi gani, na bei hupanda kwa kasi gani sigma inapoongezeka. Kasi hiyo wafanyabiashara wanaiita vega, jina linalotamkwa kama herufi ya Kigiriki ilhali alfabeti ya Wagiriki haina herufi hiyo. Kila hatua ni mstari mmoja:

```
sigma = sigma - (bs(sigma) - bei) / vega(sigma)
```

Hapo `bs` ni bei inayotolewa na kanuni, na `bei` ni ile ya sokoni. Anza na asilimia 20. Kanuni inatoa 2.39, tumepungukiwa na senti 71. Vega ya mahali hapo inasema kila asilimia moja ya sigma huongeza karibu senti 18.8. Gawa 70.9 kwa 18.84, unapata 3.76. Basi sigma mpya ni 23.76. Iingize kwenye kanuni: dola 3.108. Imezidi kwa chini ya senti moja, na vega sasa ni senti 19.2, kwa hiyo tunarudi nyuma asilimia 0.04. Jibu ni 23.72. Hatua mbili tu, wakati mwenye mizani bado anahesabu mawe.

Ukiishia hapa utadhani Newton ndiye mshindi na hadithi imekwisha. Wengi wanaoandika programu yao ya kwanza hudhani hivyo, mpaka wanapoipeleka kwenye opsheni za pembezoni.

Chukua hisa ileile ya dola 100, lakini makubaliano yawe 150 na umebaki mwezi mmoja. Opsheni hiyo ni kama tikiti ya bahati nasibu, na sokoni inauzwa senti 5. Anza tena na asilimia 20. Kwa kuyumba huko, hisa kufika 150 ndani ya mwezi ni jambo ambalo kanuni inaliona karibu haliwezekani, kwa hiyo bei inayotoka ni sifuri na vega nayo ni karibu sifuri: dola 0.0000000004 kwa badiliko zima la sigma kutoka 0 hadi 1. Sasa gawa senti 5 kwa namba hiyo. Sigma inayofuata ni zaidi ya milioni 120, yaani asilimia bilioni 12 kwa mwaka. Huko juu opsheni ina bei sawa na hisa yenyewe, vega ni sifuri kabisa, na hatua inayofuata ni kugawa kwa sifuri. Kwenye kioo inatokea `NaN`, au programu inaanguka. Jibu halisi lilikuwa karibu asilimia 57 tu.

Kosa liko mahali pa kuanzia. Mkunjo wa bei dhidi ya sigma una umbo la S iliyolazwa: mwanzoni uko bapa, katikati unapanda kwa kasi, mwishoni unalala tena. Ukianzia kwenye ubapa, Newton anarushwa mbali. Mwaka 1982 Steven Manaster na Gary Koehler walionyesha pa kusimama, ambapo ni pale mkunjo unapopanda kwa kasi kuliko kwingine kote. Vega ya hapo ni kubwa, kwa hiyo hatua inayochukuliwa huwa fupi kuliko inavyohitajika, kamwe haizidi. Unasogea kuelekea jibu bila kulivuka. Kwa tikiti yetu ya bahati nasibu mahali hapo ni asilimia 311. Inaonekana kichaa kuanzia huko, lakini ukishuka kutoka huko unafika.

Waangalifu huchanganya njia zote mbili. Wanamwacha Newton akimbie, ila wakamwekea uzio wa juu na wa chini. Hatua ikiruka uzio, inatupwa na eneo linakatwa nusu kwa mtindo wa mizani. Binafsi ndiyo ningeanza nayo, kwa sababu inapokuwa polepole hupotezi kitu zaidi ya muda kidogo.

Kuhusu usahihi, watu hupenda kuchapisha 23.7206 kana kwamba tarakimu hizo nne zina maana. Kumbuka 3.10 ilikuwa katikati tu. Ukitumia bei ya mnunuzi, 3.00, unapata karibu 23.2, ukitumia ya muuzaji, 3.20, unapata 24.2. Soko lenyewe limekupa upana wa asilimia nzima, na hakuna hesabu itakayoupunguza. Kompyuta ikifika 23.7 iachwe ipumzike.

Kuna siku jibu halipo kabisa. Tuseme opsheni nyingine ya hisa hii ina makubaliano ya dola 80 na imebaki robo mwaka. Hata hisa isipoyumba hata chembe, opsheni hiyo haiwezi kuwa chini ya dola 20.80, ambayo ni 100 ukitoa thamani ya leo ya zile 80. Lakini kioo kinaonyesha 20.50. Hakuna sigma, hata sifuri, itakayotoa bei hiyo. Newton atazunguka, mizani itagonga ukuta wa chini, na programu mbovu itaandika 0.01 kisha kuendelea kama hakuna kilichotokea. Kinachokuwa kimetokea mara nyingi ni cha kawaida kabisa: 20.50 ni bei ya mauzo ya mwisho, yaliyofanyika asubuhi hisa ilipokuwa 99.60, na tangu hapo hakuna aliyeigusa opsheni hiyo. Kwa hiyo kabla ya kukisia chochote, programu nzuri huangalia kama bei iko juu ya sakafu hiyo na chini ya bei ya hisa. Ikiwa haiko, inaacha kisanduku kitupu na kwenda mstari unaofuata.