Kona Askofu Asiyoifikia

Askofu na askari mmoja kwa kawaida hushinda sataranji. Lakini askari akiwa safu ya ukingoni, na kona anayoiendea ni ya rangi ambayo askofu wako hapiti, mfalme wa adui hujikalia humo. Humtoi, ukimbana akakosa pa kusogea bila kushambuliwa, ni sare.

Kosa hufanyika mapema, wakati wa kula. Nyeupe: mfalme f4, askofu f3, askari g4. Nyeusi: mfalme g7, askari h5. Kumla h5 kunashawishi, ila h8 ni nyeusi na askofu wako hupita nyeupe tu. Sogeza g5! Mfalme akija g6, askofu e4 humrudisha. Kisha mfalme wako hupitia g3 kumla askari yule, wako akibaki safu ya g.