Rekodi za mapafuni: mlinzi mkimya kuliko wote

Mpaka mwembamba. Mapafu ya mtu mzima yana vifuko vya hewa vipatavyo milioni 480. Mahali pembamba, ukuta unaotenganisha hewa na damu haufiki hata unene wa mikromita moja, wakati unywele wa kichwani una mikromita 70 hivi. Lita elfu kadhaa za hewa huingia na kutoka kila siku, na vumbi, moshi na bakteria humo humo. Pua na koo hunasa chembe kubwa. Zile za mikromita chache tu ndizo zinazofika chini kabisa. Huko hakuwezi kutandikwa ute mzito kama wa utumboni, maana oksijeni isingepita. Kazi imeachiwa seli moja inayotembea na kumeza: makrofaji ya vifuko vya hewa.

Doria ya walinzi wachache. Ungetarajia kila kifuko kiwe na mlinzi wake. Kwa panya hali si hiyo: makrofaji moja huhudumia vifuko vitatu hivi. Mwaka 2020 kundi la Paul Kubes, wa Chuo Kikuu cha Calgary nchini Kanada, lilichapisha walichokiona baada ya kuelekeza hadubini kwenye pafu la panya aliye hai. Seli hizi zilitambaa kutoka kifuko hadi kifuko, zikipenya vitundu vilivyomo ukutani. Panya alipovuta bakteria, zilijongea na kuwameza mapema, kabla neutrofili hawajapata habari.

Hapo ndipo ilipo rekodi yenyewe, kwa maoni yangu. Neutrofili ni askari wa damu wanaokuja kwa wingi, na silaha zao huunguza hata ukuta wanaoulinda. Watafiti walipozuia makrofaji zisitambae, bakteria wale wale waliwaita neutrofili na pafu likavimba. Kumbe ushindi mkubwa wa mlinzi huyu ni vita ambavyo havikupiganwa.

Ukimya huo hudumishwa. Seli za ukuta humshikia breki mlinzi kwa protini ziitwazo CD200 na TGF-beta. Masizi hayana alama za bakteria ambazo vipokezi vya makrofaji vimeumbwa kuzitambua, kwa hiyo humezwa na kuwekwa tu. Ndiyo maana mapafu ya watu wa mijini huwa na madoa meusi. Bakteria wakizidi uwezo wa doria, alama zao huishinda breki, na sasa makrofaji yenyewe ndiyo inayoita neutrofili. Nimonia huanza hivyo.

Influenza huharibu mpango huu kwa njia ya ajabu. Katika panya wa Calgary waliougua, makrofaji zilikuwepo lakini zilidhoofika kutambaa, kwa sababu ya interferoni ambazo mwili wenyewe ulizitoa kupambana na virusi. Bakteria waliokuja baadaye walipata nafasi. Katika janga la mwaka 1918, vifo vingi vilitokana na nimonia ya bakteria iliyofuata mafua. Mgonjwa anayeanza kupata nafuu, kisha homa ikarudi kwa nguvu na makohozi yakageuka rangi, apelekwe hospitali bila kusubiri.

Vumbi lisilosamehe. Si kila vumbi hunyamaziwa. Fuwele za silika, zinazotoka kwenye mawe yenye kwatzi yakichorongwa, humezwa kama masizi lakini hupasua kifuko cha usagaji ndani ya seli. Makrofaji hupiga kengele, hufa, na kuiachia fuwele ikiwa nzima. Nyingine huimeza, nayo hufa. Mzunguko huo huacha makovu, na kuuacha mgodi hakuurudishi nyuma. Wachimbaji wa tanzanaiti kule Mererani wanaujua ugonjwa huu, silikosisi. Aliye nao huwa rahisi zaidi kupata kifua kikuu, ambacho bakteria wake wanajua kuishi ndani ya makrofaji hiyo hiyo.

Uoshaji mkubwa. Mwaka 1958 madaktari walieleza ugonjwa wa vifuko vya hewa kujaa kitu kama maziwa. Sababu ilionekana kwa bahati mwaka 1994: panya waliokosa protini ya GM-CSF walipatwa na hali hiyo hiyo. Bila protini hiyo makrofaji hazikomai, na mafuta yanayolainisha vifuko hayasafishwi. Kwa watu wazima wengi wenye ugonjwa huu, kingamwili zao wenyewe ndizo zinazoikamata GM-CSF. Tiba ya miaka mingi ni kumlaza mgonjwa kwa dawa ya usingizi, pafu moja lipumue huku la pili likioshwa kwa lita nyingi za maji ya chumvi, mara nyingi zaidi ya 10, hadi yanayotoka yawe maangavu. Siku hizi kuna wanaopewa GM-CSF yenyewe kwa kuivuta, na wote huangaliwa wasipate maambukizi yasiyo ya kawaida kama nokadia, kwani makrofaji iliyojaa mafuta haiwezi tena kupambana.